Kuunganisha deki ya zamani kwenye runinga mpya: kabla hujanunua adapta, angalia sura za watu

Desemba iliyopita tulikusanyika kwa mama, Kibosho, na kaka yangu alikuwa amemletea runinga mpya ya inchi 43. Mimi nikasema nitafanya la maana zaidi: nitaunganisha deki ya kanda tuangalie harusi ya mama na baba. Nilishuka Moshi mjini, nikanunua kiboksi cha kugeuza nyaya za njano, nyeupe na nyekundu ziingie kwenye tundu la HDMI, nikalipa shilingi 25,000. Picha ikatoka na sauti ikatoka. Wote tukapiga makofi. Mama akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu si baba yenu."

Alikuwa baba. Ila baba alikuwa mwembamba kama ufito maisha yake yote, na pale kwenye kioo alikuwa na mashavu yamejaa na mabega ya mpiga ngumi. Kila mtu ukumbini alikuwa mfupi na mpana. Baba amefariki na hiyo kanda ndiyo mahali pekee tunapomwona akitembea, kwa hiyo jambo hili siwezi kulipita juu juu. Tangu niandike habari hiyo nimepata ujumbe mwingi wa wasomaji wenye deki, kamera za kanda na ving'amuzi vya zamani. Wanauliza wanunue nini, na karibu wote wanauliza kama picha itakuwa safi. Nawajibu wote kwamba picha ya waya wa njano haitakuwa safi kama ya simu, hata ulipe nini. Swali la kuuliza dukani ni kama adapta itaacha watu wakiwa na umbo lao.

Chanzo chake ni hiki. Waya wa njano unabeba picha, mweupe sauti ya kushoto, mwekundu sauti ya kulia. Kwa mfumo wa PAL tunaotumia hapa, picha hiyo ina mistari 576, na ilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3: karibu mraba. Runinga za sasa ni 16 kwa 9. Kiboksi cha bei rahisi kinaichukua ile picha ya mraba, kinaivuta mpaka ijaze kioo chote, kisha kinaipeleka kwenye runinga kama picha pana ya mistari 720 au 1080. Runinga haina namna ya kujua kwamba imevutwa. Ukishika rimoti ubadilishe ukubwa wa picha uweke 4:3, kwenye runinga nyingi utakuta chaguo hilo limefifia, halibonyezeki. Na ile swichi ndogo iliyoandikwa 720 na 1080 haisaidii chochote hapa. Nimeihamisha mara kumi, mashavu yakabaki palepale.

Unaweza kupima mwenyewe kwa rula. Kwenye kanda yetu kuna gari la maharusi limesimama mbele ya kanisa, limepigwa kwa ubavu, tairi la mbele linaonekana lote. Nikasimamisha picha. Tairi lilikuwa na urefu wa sentimita 24 kwenda juu na upana wa sentimita 32. Tairi ni duara, zilipaswa kulingana. Ukigawanya 32 kwa 24 unapata moja na theluthi, ambayo ndiyo tofauti kamili kati ya 16 kwa 9 na 4 kwa 3. Tafuta kitu chochote cha duara kwenye picha yako, sahani, ungo, saa ya ukutani, na upime hivyo hivyo. Kwenye inchi 43 picha sahihi ya kanda ina upana wa sentimita 71 hivi, na pembeni inabaki mikanda miwili myeusi, kila mmoja kama sentimita 12. Hiyo mikanda ni haki yake, usiiogope.

Sasa upangaji wangu wa vifaa vya kuunganishia, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Cha kwanza ni tundu la AV la runinga yenyewe, na hili watu wanalipita kila siku. Geuza runinga utazame pembeni na nyuma. Kama hakuna matundu matatu ya rangi, tafuta kitundu kimoja kidogo kama cha spika za masikioni kilichoandikwa AV IN au VIDEO IN. Hicho ndicho. Kinahitaji waya mfupi wenye pini moja nyembamba upande mmoja na matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu upande wa pili. Hapa picha inaingia ikiwa bado ni ya kizamani, runinga inaijua, na rimoti inakubali kuiweka 4:3. Hauhitaji umeme wala kiboksi. Runinga ya mama ilikuwa nacho muda wote, kimejificha nyuma karibu na tundu la antena, na mimi nimeshalipa 25,000 zangu.

Ila waya huo mfupi una mtego wake. Ile pini ina sehemu nne zilizotenganishwa na mistari mitatu myeusi, na watengenezaji hawakukubaliana picha ipite sehemu gani. Waya wa kwanza niliopewa Moshi ulitoa mlio mkali wa kuunguruma kwenye spika na kioo kikabaki cheusi. Huo mlio ni dalili: picha inaingia mahali pa sauti. Usirudi dukani bado. Chomeka waya wa njano wa deki kwenye tundu jekundu la ule waya mfupi, na mwekundu kwenye la njano. Kwetu picha ilitokea palepale. Ikikataa, jaribu kubadilisha na mweupe. Ukizunguka zote bila mafanikio, maana yake sehemu ya ethi nayo iko mahali tofauti, na huo waya hautafaa kwa runinga yako. Hapo ndipo tafuta mwingine, ikiwezekana ule uliokuja kwenye boksi la runinga ya aina hiyo hiyo.

Kama runinga yako ina safu ya matundu matano, tazama la kijani. Mara nyingi limezungushiwa njano au limeandikwa VIDEO pembeni, yaani waya wa njano unaingia hapo. Picha ikitokea lakini haina rangi, runinga imechaguliwa kwenye Component. Nenda kwenye Source, chagua AV.

Na hapa nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Sony. Runinga yangu ya Arusha ni Bravia, na kwenye mpangilio wa kioo kuna Wide Mode yenye chaguo la Normal, linaloiacha picha ya zamani na umbo lake na kuweka mikanda myeusi pembeni. Naiweka mara moja, basi. Kama unanunua runinga na una kanda au diski za familia unazozipenda, kwangu Bravia yenye tundu la AV inatangulia nyingine zote, hata ikiwa ya mtumba. Hakikisha tu kwamba tundu lipo, maana mifano mingi mipya haina tena, na fungua Wide Mode hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa.

Cha pili, kwa runinga yenye HDMI pekee: kiboksi cha AV2HDMI, yaani cha kutoka AV kwenda HDMI, chenye kitufe cha kuchagua 4:3 na 16:9. Vipo, vinapatikana kwa shida, na bei yake ni zaidi ya vile vya kawaida. Kitufe hicho ndicho unachokilipia. Kiwashe kwa chaja ya simu ya kawaida, volti 5, kwa sababu bila umeme hakifanyi kazi. Usinunue mpaka umeona picha ikibanwa na mikanda ikitokea. Beba deki yako kwenye boda kama ni lazima, mimi nimefanya hivyo.

Cha tatu ni kile kiboksi cha kawaida chenye swichi ya 720 na 1080. Kinafaa kama runinga yako inakubali 4:3 hata kwenye HDMI. Jaribu kwanza. Isipokubali, utakuwa na mashavu.

Cha mwisho sitakipa namba. Ni waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande mwingine, bila kiboksi katikati, bila sehemu ya umeme. Haufanyi kazi kwa deki yako. Deki inatoa mawimbi ya analogi, HDMI inapokea dijitali, na ndani ya waya huo hakuna kitu cha kubadilisha kimoja kiwe kingine. Nimeupasua mmoja kwa wembe mezani kwangu: nyuzi za shaba tupu, zimeunganishwa moja kwa moja na pini za HDMI. Unauzwa mchana kweupe, umening'inizwa mlangoni.

Jambo hili linanichoma. Dada mmoja wa Njiro aliniandikia kwamba aliuziwa waya huo kwa shilingi 10,000, aliporudi akaambiwa runinga yake ndiyo mbovu, akauziwa kiboksi cha 30,000. Hicho nacho kilikuwa HDMI2AV, kinachogeuza kwenda upande wa pili, kutoka HDMI kwenda njano! Alipokirudisha akaambiwa mali ikishatoka dukani hairudi. Viboksi hivi viwili vinafanana kama mapacha, rangi ile ile, ukubwa ule ule, na havifanyi kazi kinyume hata uviombe. Vitofautishe kwa swichi. Kwenye vile vya kawaida, chenye 720 na 1080 ndicho unachotaka. Chenye NTSC na PAL ni cha kuweka king'amuzi kipya kwenye runinga ya mgongo. Halafu soma neno INPUT: lazima liwe upande wa matundu ya rangi. Muuzaji anayeshika vitu hivi kila siku anajua tofauti hiyo. Kumpa mteja kisicho chake kisha kumwambia runinga yake mbovu ni kumwibia, na bei kupanda Desemba wakati watu wanarudi nyumbani naiona kila mwaka.

Ukinunua, omba risiti iandikwe jina lote, "AV kwenda HDMI", na ijaribiwe mbele yako. Anayekataa kujaribu, mwache na mali yake.

Kwa mama sasa deki inaingia kwenye kile kitundu cha nyuma, njano kwenye nyekundu, na nimebandika kipande cha selotepu chenye maandishi ili mtu asije akazirudisha "sawasawa". Tairi la gari la maharusi linasoma sentimita 24 kwa 24. Kaka alitaka kuvuta picha ijaze kioo, mama akamkataza, akasogeza kiti chake karibu.