TAHADHARI: Gari likizima kila ukijaza petroli, usikubali kuuziwa pampu

Wenye magari wa Malindi, na nyinyi mnaoyaacha Mokowe mkivuka kwenda Lamu, kuna fundi anayeuza na spea mwenyewe ambaye anawamaliza watu kwa mchezo mmoja. Jina hatulitaji. Mchezo mkiujua mtamtambua yeye na wenzake.

Dalili ni hizi. Umejaza tanki, umelipa, ukipiga stata injini inawaka kwa shida, inatetemeka, inazima, na harufu ya petroli imejaa. Ukipiga tena huku umekanyaga mafuta inashika, na baada ya dakika moja au mbili inatulia kabisa. Siku ambayo hukujaza, stata moja tu.

Ukimpelekea, atasema petroli ya kituo ilikuwa na maji na pampu imekufa. Anamwaga tanki zima kwenye majerikeni yake (hiyo petroli ndiyo kwaheri), anafunga pampu mpya, anatia lita 5, gari linawaka vizuri mbele ya macho yako. Unalipa. Siku ukijaza tena, ugonjwa ni ule ule.

Ujanja uko kwenye zile lita 5. Tanki lenye nafasi tupu halina utupu, lina mvuke wa petroli. Ukitia lita 35, unasukuma nje karibu lita 35 za mvuke. Mvuke huo unakwenda kwenye mkebe wa makaa, unanaswa humo, kisha unavutwa kidogo kidogo na injini kupitia vali ndogo ambayo mafundi wanaiita paji vali. Gari likiwa limezimwa, au ndiyo kwanza linawaka, vali hiyo inatakiwa iwe imefunga. Ikikwama wazi, injini inavuta mvuke wote huo wakati wa stata, inazidiwa na mafuta, inazima. Ukikanyaga inapata hewa zaidi, ndiyo maana inashika. Lita 5 zinasukuma mvuke kidogo tu, kwa hiyo gari linaonekana limepona. Pampu haikuhusika.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Injini ikiwa baridi, iwashe, chomoa mpira unaotoka kwenye mkebe wa makaa kuja kwenye vali, uweke kidole kwenye mdomo wa vali uliobaki wazi. Ukivutwa wakati huo, vali inavuja. Ukitaka uhakika, ziba vyote viwili, mdomo huo pamoja na ule mpira, nenda kajaze, upige stata. Ikiwaka bila kusumbua, umempata mwizi. Ni kwa jaribio hilo tu, usiliache gari hivyo, na sigara iwe mbali. Kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ukiona P0496 ni mvuke kuvutwa wakati haukutakiwa. Lakini lisipoonyesha kitu usiridhike, yako magari ambayo hayaandiki chochote.

Kama kweli petroli ina maji, ikinge kidogo kwenye chupa ya kioo uiache itulie. Maji yatakaa chini, utaona mstari. Na gari la namna hiyo haliponi lenyewe kwa dakika moja.

Sasa mtego wa pili. Ukimwambia unajua ni vali, atakutolea "mpya" aliyoitoa kwenye gari la zamani, akaiosha na kuipaka rangi. Ataigusisha kwenye betri, italia tik, na wewe utaridhika. Usiridhike: vali inayovuja nayo hulia tik. Kabla ya kutoa pesa, chomeka kipande cha mpira safi upulize, bila umeme. Hewa isipite hata kidogo. Kisha itiwe umeme wa volti 12, hapo ipite. Angalia pia vishimo vya skrubu na meno ya soketi, alama za kuwahi kufungwa hazifichiki. Wa Lamu mnaotumiwa spea kwa basi, msitume pesa yote kabla ya kupima.

Kabla hujafunga hiyo mpya, igonge ile ya zamani juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka punje nyeusi, ni makaa ya mkebe uliopasuka ndani, na vali mpya itakwama vile vile mpaka mkebe ubadilishwe na mipira ipulizwe. Mara nyingi mkebe huharibiwa na tabia ya kuongeza mafuta baada ya bomba la kituo kujikata lenyewe: petroli yenyewe inaingia kwenye makaa. Likijikata, basi.

Na kama bomba linajikata kila baada ya lita chache, au ukifungua kifuniko tanki linafyonza hewa kwa mlio, hapo tatizo ni lingine. Njia ya tanki kupumua imeziba, huku kwetu mara nyingi kwa mchanga au vumbi la barabara. Fuata mpira wa hewa kutoka kwenye mkebe, usafishe au ubadilishe chujio lake. Hapo pia atakuuzia pampu.