Jalada gumu au jepesi? Uzoefu wangu na kitabu cha zawadi, Kigoma

Ukoo wetu ulichapisha masimulizi ya bibi yetu wa Ujiji ili yawe zawadi kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 80. Tulichapa Dar es Salaam, kwa mchapaji anayepokea oda za nakala chache, na mzigo ukaletwa Kigoma kwa basi. Kuchagua jalada niliachiwa mimi. Tangu tugawe vitabu, msimu mzima wa mvua umepita na vimeshikwa na mikono mingi, kwa hiyo sasa naweza kusema kipi kimestahimili na kipi kimechoka.

Nianze na bei nilizotajiwa kwa kitabu cha ukubwa wa A5 chenye kurasa 192. Jalada jepesi la gundi lilikuwa shilingi 9,000 kwa nakala. Jalada gumu ambalo kurasa zake zimegandishwa kwa gundi lilikuwa 22,000, na jalada gumu la kushonwa kwa uzi 28,000. Jaketi, yaani ile karatasi ya rangi inayovalishwa juu ya jalada gumu, lilikuwa nyongeza ya 3,500.

Mjomba wangu alitaka wote wapewe jalada gumu. "Mama, zawadi ya mtu mzima haiwi kitabu cha kukunjika," aliniambia kwenye simu. Nilimwelewa, maana kitabu kigumu kina heshima mkononi. Lakini jalada gumu peke yake halifanyi kitabu kidumu. Linalinda pembe na kingo tu. Kinachoamua kama kurasa zitabaki mahali pake ni namna zilivyoshikana mgongoni, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawaangalii.

Kwenye kitabu cha gundi, kila karatasi inasimama peke yake. Mgongo hukwanguliwa, hupakwa gundi ya moto, kisha jalada hubandikwa. Ukikikunjua kwa nguvu kilale mezani, gundi hupasuka katikati na karatasi huanza kuchomoka moja moja. Kwenye kitabu cha kushona, karatasi kubwa hukunjwa kuwa kijitabu cha kurasa 16, uzi hupita kwenye mkunjo, na vijitabu vyote huungwa pamoja kabla ya gundi kuongezwa. Hata gundi ikichoka, uzi bado umeshika.

Nilipoletewa sampuli ya jalada gumu la shilingi 22,000 niliitazama kwa juu, pale mgongo unapokutana na kurasa. Niliona kingo za karatasi zilizokatwa zikiwa zimenyooka kama rundo la karatasi za steshenari. Ile ya kushona ilionyesha mikunjo midogo ya mviringo iliyopangana, na nilipofungua katikati ya kijitabu kimoja uzi ulionekana wazi. Kipimo hiki hakihitaji utaalamu, na fundi mwaminifu hatakasirika ukikifanya mbele yake. Kwangu ile ya 22,000 ndiyo mbaya kuliko zote: unalipa zaidi ya mara mbili ya bei ya jalada jepesi na unabaki na gundi ileile, na kadibodi nzito ndiyo kwanza inazidi kuvuta mgongo kila kitabu kinapofunguliwa.

Kushona kuna sharti lake. Idadi ya kurasa inapaswa kugawanyika kwa 16, au walau kwa 8. Mswada wetu ulikuwa na kurasa 180, na vijitabu 12 vya kurasa 16 vinafanya 192, kwa hiyo zilibaki kurasa 12. Hatukuziacha tupu. Tuliweka shajara ya ukoo kuanzia wazazi wa bibi hadi vitukuu, na kurasa kadhaa zenye mistari ili kila nyumba iandike majina ya watoto watakaozaliwa.

Jaketi lilinishughulisha kuliko nilivyotarajia. Vipimo vyake havichukuliwi kwenye kurasa, vinachukuliwa kwenye kitabu kilichokwisha kufungwa. Jalada gumu huzidi kurasa kwa takriban milimita 3 juu, chini na mbele, kwa hiyo kitabu cha urefu wa milimita 210 kinataka jaketi la 216. Unene nao huongezeka: kurasa zetu zilikuwa kama milimita 10, na kadibodi mbili zikaufikisha kama 15. Jaketi likichapwa kwa kukisia, jina la kitabu huhama kutoka mgongoni na kuangukia pembeni. Fundi wetu alifunga nakala moja kwanza, akaipima, ndipo akachapa majaketi. Yameketi sawasawa.

Kuhusu kudumu, jaketi ndilo linaloumia mapema. Linachanika juu ya mgongo, pale watu wanapoingiza kidole kutoa kitabu rafuni, na kwenye mikunjo miwili inayoingia ndani. Kwa nyumba za kwetu, hata hivyo, lina kazi kubwa. Jalada la ndani letu ni la kitambaa, na kitambaa kikiguswa na mkono wenye mawese doa halitoki. Jaketi lenye nailoni ya kung'aa unalifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nailoni ile isiyong'aa ni nzuri kwa macho, ila inaonyesha mikwaruzo na alama za vidole upesi. Ukitaka kulihifadhi zaidi, livalishe plastiki angavu kama tunavyovalisha madaftari ya shule, lakini selotepu ishike plastiki yenyewe, isiguse jaketi, maana baada ya muda hugeuka njano na kung'oa rangi.

Jambo la ziwani ni unyevu. Mvua zilipokolea, majalada mepesi yalianza kujikunja kuelekea nje. Upande wa nje una nailoni ambayo haivuti unyevu, upande wa ndani ni karatasi inayovuta na kutanuka, basi jalada linapinda. Majalada magumu yetu yamebaki bapa isipokuwa machache yaliyopinda kidogo, na hayo niliyanyoosha kwa kuyalaza chini ya vitabu vizito hadi hewa ikakauka. Muulize fundi kama vitabu vitabanwa kwenye presi hadi gundi ikauke kabisa kabla ya kufungashwa, kwa sababu kitabu kinachosafirishwa kikiwa kibichi hupinda njiani na kunyoosha kwake ni kazi. Kwenye maboksi, agiza vilazwe. Vikisimamishwa bila kubanana, uzito wa kurasa huvuta mgongo safari nzima.

Mwishoni tulichapa 25 vya jalada gumu, vya kushona na vyenye jaketi, kwa shilingi 787,500, vikaenda kwa bibi, watoto wake na wazee wa ukoo. Wageni wengine walipata 60 vya jalada jepesi kwa 540,000. Jumla ni 1,327,500, wakati nakala zote 85 zingekuwa ngumu zenye jaketi tungelipa 2,677,500. Mjomba alikubali alipoona hesabu, na alipokishika cha kwake alikiri kwamba uzi unaonekana.

Jalada jepesi silidharau. Mtu anayesoma mara moja na kumpa jirani linamtosha, na vijana walivibeba kwenye mabegi bila kulalamika uzito. Ila kwa nyumba ambako kitabu kitasomwa kwa sauti mbele ya watoto kila likizo, nalipa 28,000 bila kusita. Fedha ikipungua, naondoa jaketi kwanza, kisha kitambaa cha ghali, na hata kadibodi ikibidi nirudi kwenye jalada jepesi lililoshonwa. Fundi alinitajia 14,500 kwa hilo, na ndilo nitakaloagiza wakati wa kuongeza nakala.