Kamera inayosoma mwandiko: nimeijaribu kwa hotuba ya mjomba

Wadau, karibuni tena. Leo ni ile sehemu ya kamera ya simu inayopiga picha karatasi na kukutolea maandishi. Kuifungua hamhitaji nifundishe. Mimi nataka tuone inavyosoma mwandiko wa mkono, maana juzi mjomba wangu, mtunza hazina wa kamati ya maji kijijini, alinitumia picha ya ukurasa wa kaunta buku. Anahutubia mkutano wa kijiji Jumamosi, dakika tatu, na amenipa vidokezo sita tu vya kalamu ya bluu.

Picha yake ya kwanza ilikuwa na kivuli cha mkono, na maandishi ya ukurasa wa nyuma yanapenya. Nikamwambia, Mjomba, weka daftari mezani karibu na dirisha, zima flashi, ingiza karatasi nyeusi chini ya ukurasa, simu ikae sambamba na meza. Picha ya pili ikasomeka vizuri mno! Maneno karibu yote yametoka sawa, ila "kero" imekuwa "hero".

Sasa njooni kwenye namba, hapa ndipo iliponiudhi. Tazameni skrini. Mjomba kaandika "ndoo 50/=". Simu imetoa "ndoo 501". Ule mkwaju wetu wa shilingi imeuona ni moja! Shuka chini: "Makusanyo 1,240,000", imetoa 7,240,000, kwa sababu moja ya mjomba ina kofia ndefu. Fikiria mtunza hazina anasimama mbele ya wanakijiji anatangaza milioni saba. Siku hiyo hiyo wataomba vitabu vya hesabu.

Nilishtukaje? Nilijumlisha. Matumizi ni 865,000 na baki ni 375,000. Ukizijumlisha unapata 1,240,000, kwa hiyo ile saba haiwezi kuwa kweli. Lakini bei ya ndoo haina hesabu ya kuilinganisha, hiyo lazima urudi kwenye picha, uikuze, uangalie kwa macho. Mimi nazungushia kila namba duara kwanza, ndipo nagusa sentensi.

Kuna programu za kulipia zinazofanya kazi hii hii, wengi mmeniuliza kwenye maoni. Nilijaribu moja wiki ya majaribio, na ule mkwaju ikausoma moja vilevile. Hii iliyokuja na simu ni bure, kwa hiyo hela yako nunua bando.

Turudi. Kidokezo cha tano kinasema "Foleni – watoto". Basi. Kile kistari kinamaanisha nini? Watoto wanaleta fujo? Wasitumwe maji? Ningeweza kutunga aya tamu kabisa hapo, na ingekuwa ya uongo. Nikampigia. Akasema, "Nataka wanafunzi wapishwe asubuhi, wanachelewa namba shuleni." Kumbe! Sasa aya imepatikana: "Wazazi wenzangu, asubuhi mwanafunzi akifika na ndoo yake, tumpishe achote aende. Wanachelewa namba kwa sababu ya foleni yetu sisi watu wazima."

Kidokezo cha nne ni "Koki 2 zinavuja, fundi J'tatu, 85,000". Sikilizeni ninavyokigeuza: "Ndugu zangu, koki mbili zinavuja, na wote tunaliona lile tope. Fundi anakuja Jumatatu. Kazi yake ni shilingi elfu themanini na tano, na itatoka kwenye akiba niliyowatajia sasa hivi." Mmeona fedha nimeiandika kwa maneno? Mtu anayesoma huku amesimama, upepo unapeperusha karatasi, asianze kuhesabu sifuri. Na "akiba niliyowatajia" inaunganisha kidokezo hiki na kile cha juu, kwa sababu msikilizaji hana karatasi ya kurudia.

Kidokezo cha kwanza ni "Salamu". Hapo hakuna simu itakayokusaidia, lazima ujue nani atakaa meza kuu. Mjomba kanitajia Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji na wazee, basi nikawapanga hivyo hivyo, nikafunga na "itifaki imezingatiwa". Nilikuwa nataka aya nzima ya shukrani pia, nikaghairi, sentensi moja inatosha.

Jana usiku kasoma kwa sauti kwenye simu, mimi nashika saa: dakika tatu na sekunde arobaini. Tumekata maelezo ya namna bomba lilivyochimbwa, maana wale watu walichimba wenyewe. Akarudia. Dakika mbili na sekunde hamsini na tano, na pale kwenye wanafunzi sauti yake ikapanda yenyewe. Nimemchapia kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na namba zote anazo pia kwenye kaunta buku lake.