Tahadhari: makochi ya "jumla 1,800,000" pale Nsambya, Kampala

Jamani, nimepigwa. Wiki nzima nimeona haya kusema, maana mimi ndiye ninayewapigia wenzangu hesabu za chama.

Nilitaka makochi kwa haraka. Niliona picha: makochi ya kijivu, ya watu 7, na chini yake maandishi, "Amana 400,000. Kila mwezi 150,000, miezi 12. Jumla 1,800,000 tu!" Nikatoa simu, nikazidisha 150,000 mara 12. Ikaja 1,800,000 kamili. Nikasema hawa watu wakweli, hesabu yao haina hata shilingi ya ziada. Amana nikaichukulia kuwa ni sehemu ya hiyo jumla. Nani asingefikiri hivyo?

Nikaenda dukani. Kijana akanikalisha kwenye kochi lenyewe, akaniletea soda, "nyabo" hapa, "nyabo" pale. Nikabonyeza mto, sponji ikarudi juu vizuri. Karatasi ya mkataba aliishika yeye, kidole juu ya mstari wa kusaini, nami nikasaini huku naongea na mwenye pikapu kuhusu nauli.

Miezi 9 sikuchelewa hata siku moja. Amana na hizo 9 ni 1,750,000. Mwezi wa 10 nikaenda na 50,000 mkononi, nimevaa vizuri, naenda kumaliza deni. Kijana akacheka! Akasema bado 450,000, amana ni "ya kufungulia", haihesabiwi. Kwa hiyo makochi ni 2,200,000, namba ambayo haikuwa kwenye picha wala midomoni mwao. Nilipogoma akanionyesha mstari: mali ni ya duka mpaka awamu ya mwisho, wana haki ya kuja kuyabeba. Watu walikuwa wamejaa dukani. Nilitoka na ile 50,000 yangu nimeikunja.

Kilichoniuma zaidi ni jirani yangu. Alienda kuuliza kama mteja wa taslimu, akatajiwa 1,400,000. Maana yake baada ya amana walinikopesha milioni 1 tu, na ndani ya mwaka wanaidai 1,800,000. Hata wale wa riba wa mtaani wangeona aibu.

Hawa wafungiwe duka, tena mchana, mwenyekiti wa LC1 akiwepo, na ile picha ibandikwe mlangoni. Sheria ya manunuzi ya namna hii ipo tangu 2009, inafanya kazi gani? Yule kijana na soda yake alale ndani hata usiku mmoja!

Mkiona tangazo, jumlisheni amana wenyewe. Bei ya taslimu hawaiandiki, iulizeni kabla hamjakaa kwenye kochi. Mkataba nao mwombe kwenda nao nyumbani. Mimi nilipouomba waliniambia mashine ya kutoa kopi imeharibika, na mpaka leo sina hata nakala.

Tarehe 5 wanakuja na pikapu. Mwenye ndugu anayejua mambo ya mahakama aniandikie leo.