TAHADHARI: Muuza oveni anayepiga hesabu ya "mkate mmoja yuniti 0.03"

Wenye bekari, kuna muuzaji wa oveni za umeme anapita na hesabu tamu. Oveni yake ni ya kilowati 12, inaingiza mikate 40. Kwetu aliiwasha tupu, akangoja ishike moto, ndipo akatuita tuitazame taa ya thamostati: inawaka dakika moja, inazima nne. "Mnaona? Koili zinakula umeme asilimia 20 tu ya muda." Kuoka ni nusu saa, kwa hiyo 12 × 0.5 × 0.2 ni yuniti 1.2. Gawa kwa 40, unapata 0.03. Kanuni yake haina kasoro. Uongo uko kwenye hiyo 20.

Wenzangu wameniuliza maswali, nayajibu hapa.

Kwa nini 20 si kweli, na taa tumeiona kwa macho?
Oveni tupu iliyokwisha kupata moto inafidia tu joto linalovuja kwenye kuta na mlango. Mikate mibichi ndiyo inayonyonya joto. Tulipopakia 40 ya nusu kilo, taa iliwaka jumla ya dakika 21 katika zile 30. Hapo ni 12 × 21 ÷ 60, yuniti 4.2, sawa na 0.105 kwa mkate. Yake ilikuwa na thamostati moja kwa koili zote; ukikuta ya juu na ya chini, hesabu kila upande kwa kilowati zake.

Na umeme wa kupasha moto?
Huo hakuutaja kabisa. Kutoka baridi, koili ziliwaka mfululizo dakika 45, yaani yuniti 9. Ukioka mara sita kwa moto huohuo, mikate 240, kila mmoja unabeba karibu 0.04, jumla kama 0.14. Ukioka mara moja tu ukazima, kila mkate unabeba 0.225 ya kupasha peke yake, jumla 0.33! Mwenye oda chache aanze kuhesabu hapo.

Nitamkamataje bila fundi?
Kwa mizani. Pima donge kabla halijaingia, kisha mkate ukitoka. Wetu ulipungua gramu 50, na hayo ni maji yaliyoondoka kama mvuke. Kuyageuza tu kuwa mvuke kunataka kama yuniti 0.031, kabla hujahesabu joto la kuivisha mkate wenyewe. Hiyo 0.03 yake haitoshi hata kwa mvuke.

Nidai nini kabla ya kulipa?
Mita ya yuniti kwenye waya wa oveni, isomwe oveni ikiwa baridi, isomwe tena mkate wa mwisho ukitoka, kwa donge lako na idadi yako. Sisi tulipoitaja mita, alisema mita zinadanganya, akaanza kukusanya nyaya zake.