Nilivyochanganyiwa rangi ya kijani ya ukuta wangu huko Ngara

Fundi wa bomba alibomoa sehemu ya ukuta wa sebule yangu hapa Umoja, Nairobi, na kopo la rangi ya zamani halikuwepo tena. Nilibandua kipande cha rangi chenye upana wa vidole viwili, nikakipeleka kwenye duka moja la rangi Ngara ambako mchanganyaji hutumia macho, si mashine.

Nilimwambia nataka kijani hafifu. Akauliza, "Dada, hafifu kwa kuwa nyeupe, au kwa kuwa imepauka?" Swali hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Rangi inaweza kukaribia nyeupe na bado ikawa changamfu, kama kijani cha chipukizi. Inaweza pia kuwa na giza kiasi na bado ikapauka, kwa sababu ndani yake mna kijivu. Kwa hiyo yeye hutazama mambo matatu, kila moja peke yake: ni rangi gani na inaegemea wapi (kijani changu kiliegemea manjano kidogo), ina mwanga kiasi gani, na imekolea kiasi gani.

Kupima mwanga alinionyesha nifinye macho nikitazama kipande na mchanganyiko vikiwa vimegusana. Macho yakifumba nusu, kinachobaki kuonekana zaidi ni tofauti ya mwanga na giza. Mstari wa mpaka kati ya viwili hivyo ulipofifia, tukajua mwanga umelingana. Hata hivyo, macho yakiwa wazi, mchanganyiko wake ulikuwa mchangamfu mno kuliko ukuta wangu.

Mimi ningeongeza nyeupe. Alinikataza: nyeupe ingepunguza ukolevu kweli, lakini ingepandisha mwanga tuliokwisha kuupata. Akatia nyekundu ya udongo kidogo sana, kwa kuwa nyekundu ni kinyume cha kijani na huzimana nayo kuelekea kijivu. Giza likaongezeka kiasi, ndipo akarudisha kwa tone la nyeupe.

Kisha akapaka kidogo juu ya kipande chenyewe na kukausha kwa feni. Hatua hii usikubali irukwe, maana rangi ya maji huwa nyeupe zaidi ikiwa mbichi na huongezeka giza ikikauka. Chini ya taa ya duka alama haikuonekana kabisa. Tulipotoka juani ikaonekana ya manjano kupita kipande, akaongeza buluu kidogo. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa viungo tofauti zaweza kulingana chini ya taa na kuachana mchana, kwa hiyo nyumbani niliijaribu asubuhi na tena usiku taa ikiwaka.

Lalamiko langu ni moja: hawaandiki vipimo, hivyo kopo la pili halitafanana kabisa na la kwanza. Nunua ya kutosha ukuta mzima mara moja, na upake kutoka kona hadi kona. Macho hushika tofauti ndogo pale rangi mbili zinapogusana katikati ya ukuta, lakini kwenye kona kila upande hupokea mwanga wake na tofauti hiyo haisumbui.