Dawa ya "chini ya nyuzi 25": friji au kabati?

Mama anayeishi kwenye joto akisoma "hifadhi chini ya nyuzi joto 25" hukimbilia friji. Kwa dawa nyingi, kabati ni bora zaidi.

Friji hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Dawa ya maji ya parasetamo ikipoa hivyo inaweza kuwa nzito au kutoa chembe chini ya chupa, na kijiko kikabeba dozi isiyo sawa. Vidonge navyo, kopo likifunguliwa lingali baridi, huvuta unyevu. Weka kwenye friji pale tu lebo au mfamasia anaposema, kama ilivyo kwa baadhi ya dawa za unga zikishachanganywa na maji.

Kabati, je, chumba kikifika 31 mchana na kushuka hadi 24 usiku? Dawa haiharibiki papo hapo ikivuka 25; huchakaa polepole, na joto huharakisha. Chagua kabati la ndani, mbali na jiko, bafu na dirisha lenye jua, kisha nunua kiasi cha kutumia sasa tu. Tahadhari kubwa ni dawa za kuingiza njia ya haja kubwa: zikiwa zimelainika au kubadilika umbo, usizitumie.

Mfamasia hana ruhusa hiyo ya kukadiria. Shehena yake hukaa miezi, kwa hiyo anahitaji kiyoyozi, kipimajoto kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini, na daftari la kuandika kila siku. Chumba kikizidi 25 siku baada ya siku, amuulize mtengenezaji kabla ya kuuza.